Mhasibu kaniwekea FIFO kwenye stoku bila kuniuliza, sasa nalipia kodi faida nisiyoiona

Baba Nondo:
Wakuu nina hasira leo msinipoze. Nina kampuni ya hadwea hapa Mwanza, mwaka mzima bei ya nondo imepanda tu, mhasibu kanitumia hesabu za mwaka naona lifaida limenona hadi nikauliza hizi hela ziko wapi. Nachimba kwenye programu nakuta stoku imewekwa FIFO tangu siku ya kwanza, yaani mzigo wa zamani ndio unahesabiwa umeuzwa kwanza, na hakuna aliyeniuliza!!

Chukueni nondo ya milimita 12 peke yake, namba nimezinyoosha ili zisomeke. Nilianza mwaka na vipande 1,000 vya 20,000, nikaongeza 1,000 kwa 23,000, halafu 1,000 kwa 26,000. Nimeuza 2,000 kwa 30,000, mauzo milioni 60. Yeye katoa gharama ya vile vya 20,000 na 23,000, jumla milioni 43, faida milioni 17, kodi ya kampuni 30% ni milioni 5.1. Angetumia bei ya wastani kila kipande kinakuwa 23,000, gharama milioni 46, faida 14, kodi 4.2. Laki tisa hiyo kwenye bidhaa moja tu, na duka lina bidhaa kibao.

Na kinachoniuma zaidi, nilianza na vipande 1,000 nimemaliza na 1,000, zimeingia milioni 60 zimetoka 49 za manunuzi, mkononi nina 11 kabla ya pango na mishahara. Hizo 6 za kufika 17 ziko wapi jamani? Ziko stoo, zimegeuka bei mpya ya nondo.

Kijana wa Kirumba:
Mkuu si utumie LIFO, ule wa mwisho kuingia ndio utoke kwanza, faida inashuka zaidi ya hapo.

Bi Leja:
Kijana hesabu uko sawa, ingeshuka hadi hiyo 11 anayoisema, ila njia hiyo haipo kwetu. Viwango vya kimataifa vya hesabu viliifuta na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inakupa mbili tu kwa bidhaa zisizotofautishika, hiyo FIFO au wastani. Na ukishachagua hubadilishi mpaka Kamishna akuruhusu kwa maandishi.

Baba Nondo pole, lakini laki tisa haijaibiwa, imetangulia. Chukulia mwakani unauza vile 1,000 vilivyobaki kwa 30,000 na hununui tena. Kwa FIFO vinasimama kwa 26,000, faida milioni 4. Kwa wastani vinasimama kwa 23,000, faida milioni 7. Jumlisha miaka miwili, 17 na 4, 14 na 7, zote 21.

Baba Nondo:
Bi Leja nakuheshimu ila mimi sifungi duka mwakani, nanunua tena na bei inapanda tena, kwa hiyo hiyo "imetangulia" inarudi lini? Laki tisa leo ni mzigo, wewe unaniambia nisubiri

Bi Leja:
Hapo una haki. Bei ikiendelea kupanda na stoo haipungui, wastani unaisukuma kodi mbele kila mwaka. Inageuka siku bei ikishuka au ukipunguza mzigo, na siku hiyo wa FIFO ndiye atakuwa anacheka. Halafu usiihesabu hiyo laki tisa kama imeshaingia mfukoni, angalia programu inapiga wastani wa aina gani. Nyingi zinapiga upya kila mzigo unapoingia. Kama vipande 1,000 vya kwanza uliviuza kabla ule mzigo wa 26,000 haujafika, vimetoka kwa 21,500, vilivyofuata kwa 23,750, faida ni 14.75 siyo 14.

Mama Famasi:
Mimi nina duka la dawa, lazima ya zamani itoke kwanza maana itaekspaya, kwa hiyo nimefungwa na FIFO sina ujanja

Bi Leja:
Hapana dada, kutoa rafuni ni kitu kimoja na kuhesabu gharama ni kingine. Dawa itoke ya zamani, vitabu vikae kwa wastani, havigombani.

Genge la Kona:
mbona mimi nalipa kwa mauzo tu, hawajawahi kuniuliza stoku, mnajitesa bure

Kijana wa Kirumba:
Wewe ni mtu binafsi na mauzo hayafiki milioni 100, kampuni haipo kwenye huo utaratibu. Nyamaza ule bata 😂

Baba Nondo:
Swali langu bado. Mimi sikuchagua, kachagua mtu aliyebonyeza "next" kwenye programu. Ritani imeshaenda na FIFO yake, hapo nahesabika nimechagua?

Bi Leja:
Mimi ningesema ndiyo, ritani ya kwanza ndiyo chaguo lenyewe, ila kuna mwenzangu anabisha vikali. Andika barua ya kuomba kubadili, ambatanisha hesabu za njia zote mbili, na usimwambie mtu sababu ni kulipa kidogo.

Baba Nondo:
Sasa niandike sababu gani kama siyo hiyo??