Naomba ushauri: reli za kitanda au ratiba ya choo?

Wauguzi wenzangu, habari zenu. Nimekwama kwenye swali la mazoezi. Mgonjwa wa miaka 82 alianguka mwezi uliopita, anameza dawa ya kuongeza mkojo jioni, na usiku huamka peke yake kwenda chooni. Presha akiwa amelala ni 142/80. Dakika 3 baada ya kusimama, 116/70, na anaona kizunguzungu.

Nilichagua kupandisha reli zote, nikakosa. Jibu lilikuwa kushusha kitanda na kumpeleka chooni kwa ratiba. Nimesoma tena, nikaelewa: mwenye haja atazipanda tu, aanguke kutoka juu zaidi.

Je, reli moja ya juu kama kishikio inakubalika? Na kwa presha iliyoshuka 26, kumwomba daktari ahamishie dawa asubuhi kunatangulia ratiba?