Naomba ushauri: nimeambiwa insha yangu imechanganya masharti mawili

Kalamu Kavu
Wakuu, habari za wakati huu. Nimeandika insha kuhusu chanzo cha kifua kikuu, na mwalimu amepigia mstari aya moja na kuandika pembeni: "Umechanganya sharti la lazima na sharti linalotosha." Aya yenyewe ni hii:

"Tangu Robert Koch alipotangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, ugonjwa huu umehesabiwa kuwa kazi ya kimelea hicho. Hata hivyo, inakadiriwa kwamba takriban robo ya watu duniani wameambukizwa, na kati yao ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaougua maishani mwao. Kwa hiyo bakteria si chanzo cha kifua kikuu. Chanzo halisi ni lishe duni na msongamano."

Takwimu hizo nimezihakiki. Ikiwa takwimu ni sahihi, hoja imeharibikia wapi?

Mama Wawili
Pole, ndugu. Kipimo cha ngozi kiliwahi kuonyesha kwamba nimeambukizwa, lakini picha ya kifua haikuwa na kasoro na sijaugua hadi leo. Usiogope. Ila kama unakohoa kwa zaidi ya wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi.

Kalamu Kavu
Ahsante, mama, ila mimi siumwi. Ninachouliza ni kuhusu hoja ya insha.

Mzee wa Hoja
Mama hakukusudia, lakini ameleta mfano tunaouhitaji. Yeye ameambukizwa na haumwi. Mtu wa namna hiyo anavunja dai moja tu, kwamba kila aliyeambukizwa lazima augue. Yaani anaonyesha kuwa maambukizi peke yake hayatoshi kuleta ugonjwa. Dai kwamba hakuna anayeugua bila kuambukizwa, yaani kwamba maambukizi ni sharti la lazima, halimgusi hata kidogo. Ili kulivunja hilo ungehitaji mtu wa aina nyingine kabisa, anayeugua kifua kikuu ilhali hana bakteria mwilini. Takwimu zako zote zinahesabu watu wa aina ya Mama Wawili, na hata ungeongeza mamilioni mengine wa aina hiyo hiyo, usingesogea hatua moja kuelekea hitimisho lako.

Halafu tazama sentensi yako ya mwisho. Umemwondoa bakteria kwa sababu wengi walio naye hawaugui, kisha ukaiweka lishe duni mahali pake. Je, kila mwenye lishe duni huugua kifua kikuu? La. Kipimo ulichomfukuzia bakteria kinaifukuza lishe duni pia, tena lishe inaanguka hata katika kipimo cha pili, kile cha ulazima, kwa kuwa wapo wanaokula vizuri na bado wanaugua. Mwalimu wako amekuwa mpole.

Fundi Sentensi
Dawa yake ni nyepesi. Andika kwamba bakteria "peke yake" hatoshi, kisha useme kwamba bakteria, lishe duni na msongamano ni masharti matatu ya lazima, na yakikutana yote yanatosha kuleta ugonjwa.

Mzee wa Hoja
"Peke yake" nakubali, na ningeishia hapo. Lishe duni na msongamano si masharti ya lazima, na hata vikikutana na bakteria havihakikishi kwamba mtu ataugua. Huongeza uwezekano tu. Maambukizi ya virusi vya UKIMWI yasiyotibiwa huuongeza zaidi, nayo si ya lazima wala hayatoshi. Insha nyingi huharibikia hapa: mwandishi hudhani kwamba kila sababu sharti iingie katika moja ya makapu haya mawili, na isipoingia huitupa au huilazimisha.

Ulizo
Mzee, nina pingamizi. Mgonjwa asipokutwa na bakteria, daktari hasemi kwamba huyu ana kifua kikuu kisicho na bakteria. Husema kipimo kimemkosa, au huutafuta ugonjwa mwingine. Kwa hiyo huyo mtu wa aina ya pili hawezi kupatikana kamwe, kwa sababu ulazima umeshawekwa ndani ya jina la ugonjwa. Tumejifunza nini kuhusu mwili wa binadamu, au tumetangaza tu matumizi ya neno?

Mzee wa Hoja
Pingamizi lina uzito. Ningejibu kwamba jina liliufuata ugunduzi: kabla ya Koch ugonjwa ulitambuliwa kwa dalili na kwa vinundu vilivyoonekana kwenye mapafu ya marehemu, na hakuna aliyelazimika kukuta bakteria mle. Lakini kwa matumizi ya leo, nakiri kwamba sina jibu linaloniridhisha.

Kalamu Kavu
Nimeandika upya hivi: "Hakuna anayeugua kifua kikuu bila kuambukizwa bakteria wake, lakini wengi walioambukizwa hawaugui, na lishe duni ni miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa aliyeambukizwa kuugua." Msongamano nimeuondoa, maana naona unahusu zaidi jinsi bakteria anavyomfikia mtu kuliko kinachotokea akishaingia. Mnaonaje?

Ulizo
Ubakishe msongamano, ila uuweke kwenye sentensi yake.