Rasta nilizoongeza zinakaa kama stika, ukungu nilinganisheje?

FundiPicha_Miyomboni: Wakuu habari za jioni. Niko Iringa, nimempiga dada mmoja picha juu ya Gangilonga, lenzi ya 85mm kwenye f/1.8, macho yametoka makali, sikio lenye hereni limeshalegea kidogo na mji kule chini ni ukungu mtupu wa lenzi. Sasa anataka nimwekee rasta ndefu badala ya nywele zake fupi, nimezitoa kwenye picha nyingine ambayo ni kali mwanzo mwisho. Rangi na mwanga vimekubali ila bado zinaonekana zimebandikwa. Nifanyeje?

chapchap_uyole: Piga Gaussian Blur ya 3 leya nzima ya nywele, imeisha hiyo.

MamaNoa: Hata mimi simu yangu ukiweka ile ya kufifisha nyuma inakula vinywele vya pembeni, mnatumia simu gani nyie?

Mzee wa Leya: Dada MamaNoa, hapo simu inakisia nywele zinaishia wapi, ya FundiPicha ni kamera, mambo tofauti.

Chapchap uko sawa nusu. Ukilegeza zote sawa, rasta za kwenye paji la uso zitafifia wakati kope zinahesabika, mtu atashtuka tu. Rasta iliyo umbali mmoja na jicho iache kali, ya nyuma ya sikio iwe laini kama hereni yake, iliyolala nyuma ya bega ifanane na mshono wa blauzi pale begani. Kwa hiyo kata leya tatu, weka saizi kamili kwanza ndo ulegeze, na usitafute namba ya kukariri maana inategemea picha ina pikseli ngapi, zumu 100% ulinganishe na hereni. Field Blur ya pini inasaidia ila haijui umbali, inajua sehemu tu kwenye picha, rasta ya mbele ikipita juu ya ya nyuma zote zitalegea pamoja.

Halafu maski. Ukilegeza nywele maski ikabaki kali, ndani laini ukingo kama wembe, hapo ndo stika inapotoka. Geuza leya na maski yake iwe Smart Object kisha ndo upige ukungu, ukingo utalegea nao. Mwisho rudisha chenga kwa Add Noise, ukungu unazifuta na ngozi bado inazo.

FundiPicha_Miyomboni: Asante mzee, nyuma ya bega imekaa vizuri sana, kumbe maski ndo ilikuwa inaniua. Ila juu ya kichwa kuna mstari mweusi wa nywele zake za zamani unachungulia kwenye ukungu wa mji.

Mzee wa Leya: Huo ufute chini ya rasta kwa kukopi ukungu wa jirani, brashi laini, na chenga zake.

chapchap_uyole: Mi ningetumia Lens Blur, vitaa vya mji vinabaki viduara.

Mzee wa Leya: Kwa vitaa sawa, kwa rasta nyeusi sijaona tofauti. Mkuu tupia picha tuone.