Naombeni ushauri: picha ya karatasi imepinda na ina kingo nyeusi, nikate mpaka wapi?

Mkorosho Mkavu:
Habari za jioni wakuu. Nina picha ya karatasi ya zamani iliyopigwa taipu, ukurasa mmoja. Ilipigwa kwa simu usiku, karatasi ikiwa juu ya meza, kwa hiyo pande zote zimezungukwa na weusi na ukurasa umelalia upande mmoja. Mstari wa kwanza ukiufuata kutoka kushoto, mwisho wake uko chini kwa pikseli kama 80. Nimeisomesha kwa Tesseract nipate maandishi, lakini kushoto kwa kila mstari inaniwekea vijiti na alama zisizoeleweka. Nataka nikate hadi herufi zinapoanzia, nisiache pambizo kabisa. Kuna shida? Nina haraka.

Mama Zawadi:
Mwanangu, pakua programu ya kuskani kwenye simu, chagua A4, itakata yenyewe. Mimi cheti cha binti yangu nilikifanya hivyo alipokuwa anaomba chuo na kikapokelewa siku hiyohiyo. Nilichokiona tu, sahihi ya chini ilikatika kidogo, lakini hakuna aliyeuliza.

Mzee wa Nakala:
Mkuu, vijiti unavyoviona ni ule weusi wa pembeni. Programu inauchukulia kama sehemu ya ukurasa na kujaribu kuusoma. Kwa hiyo kukata ni sawa, ila usikate mpaka kwenye herufi. Tesseract ikikuta maandishi yamegusa ukingo wa picha inaweza kupoteza herufi za mwanzo, ndiyo maana watu huongeza fremu nyeupe ya pikseli 10 baada ya kukata.

Kabla ya hapo, pima upana wa karatasi kwenye picha, juu na chini. Ni pikseli ngapi?

Mkorosho Mkavu:
Juu 2200, chini 2400.

Mzee wa Nakala:
Basi una matatizo mawili, siyo moja. Simu ilikuwa imeinama, ndiyo maana chini ni pana kuliko juu. Ukiizungusha tu picha, mistari ya katikati itanyooka lakini pande za kushoto na kulia zitabaki zimetanuka kuelekea chini. Anza na chombo kinachokuruhusu kushika pembe nne za karatasi na kuzivuta ziwe mstatili. Mwinamo utakaobaki ndio utaunyoosha kwa kuzungusha, kisha ukate.

Ukikata kabla ya kunyoosha utaumia. Pikseli 80 kwenye mstari wa pikseli 2300 ni mwinamo wa nyuzi 2 hivi. Kwenye karatasi ya upana wa sentimita 20 hiyo ni milimita 7. Ukikata ukingo wa juu kwa mlalo, ama unabakiza kabari nyeusi upande mmoja, ama unakula milimita 7 za karatasi kwenye pembe nyingine.

Ukishavuta pembe na kuihifadhi kama pembe.png, amri zilizobaki ni hizi za ImageMagick na Tesseract (namba za kukata ni mfano, weka zako):

```
magick pembe.png -background white -deskew 40% +repage nyoofu.png
magick nyoofu.png -crop 2250x3600+80+90 +repage -bordercolor white -border 10x10 kusoma.png
tesseract kusoma.png matini -l swa
```

Usiipe `-deskew` picha ambayo bado ina kingo nyeusi. Inaweza kufuata mstari wa meza badala ya mistari ya maandishi.

Halafu, karatasi ni A4 kweli? Za taipu za zamani nyingi ni fulskepu.

Mkorosho Mkavu:
Imepimwa kwa rula, ni sentimita 20.3 kwa 33.

Mzee wa Nakala:
Fulskepu hiyo. Samahani Mama Zawadi, hapo A4 itaibana kwa urefu na herufi zitakuwa fupi na nene. Aweke vipimo vyake mwenyewe.

Sasa niambie jambo moja. Kwenye pambizo kuna kitu? Muhuri, sahihi, dole gumba?

Mkorosho Mkavu:
Vitu vidogo tu. Mimi nauliza kukata.

Mpenda Haki:
Jibu swali la mzee.

Mkorosho Mkavu:
Sawa. Ni karatasi ya mauziano ya shamba la mikorosho, Newala, 1988. Pambizo ya kushoto kuna mstari umeongezwa kwa kalamu, unataja mpaka wa upande wa mtoni. Na nusu ya muhuri wa kijiji iko hukohuko. Mstari huo haumo kwenye maandishi ya taipu, ndiyo maana niliona hauhusiki. Wakili nimeshamtumia iliyokatwa, aanze kusoma. Anahitaji maneno ya mkataba, siyo pambizo.

Mpenda Haki:
Ndugu yangu, hilo shamba lina wenzako wanaolidai, sivyo? Mpaka umeandikwa pembeni nawe unauita kitu kidogo. Mali ya urithi imevunja koo nyingi. Mtumie wakili karatasi nzima leo hii.

Chekibobu:
Wakuu, mimi siiamini hii stori. Karatasi ya 1988, picha ya usiku, halafu ghafla rula ya kupima mpaka nukta. Kama karatasi unayo mkononi na rula unayo, kwa nini usipige picha nyingine mchana? Huyu ana picha ya mtu mwingine na anataka tumfundishe kufuta mstari.

Mama Zawadi:
Hata mimi nimeshtuka hapo kwenye rula.

Mkorosho Mkavu:
Karatasi iko Newala kwa baba mdogo, mimi niko Dar. Nilimpigia, mwanawe akapima. Simfichi mtu. Mstari ule hauna sahihi, yeyote angeweza kuuandika baadaye. Sioni kwa nini nimtwishe wakili maneno ambayo hayajulikani yaliandikwa na nani.

Mzee wa Nakala:
Chekibobu, la nani mkweli sitaliamua mimi. Ila hilo la sahihi, mkuu, ndiyo sababu hasa ya kubakiza pambizo. Kama mstari uliongezwa baadaye, wino wake na namna unavyopita juu au chini ya muhuri ndivyo vitakavyochunguzwa. Ukiukata umemnyima hata anayetaka kukutetea.

Tengeneza nakala mbili. Ya Tesseract ikate karibu na maandishi, milimita 3 au 4 zinatosha, halafu fremu nyeupe. Kwa saizi ya picha yako milimita moja ni pikseli 12 hivi, kwa hiyo acha 40 au 50 kila upande. Hiyo ni ya kusomesha tu, haimfikii mtu kama ushahidi.

Ya wakili ikate nje ya karatasi, siyo nje ya maandishi. Kingo zote nne za karatasi zionekane, na uache ukanda mwembamba wa meza kuzunguka. Anayeitazama anajua hakuna kilichoondolewa. Picha ya asili usiiguse kabisa, na ukituma kwa Wasapu itume kama faili, maana ukituma kama picha inabanwa.

Chekibobu:
Na picha ya mchana je?

Mzee wa Nakala:
Hiyo ndiyo bora kuliko yote. Kijana aiweke karibu na dirisha, pasipo na jua la moja kwa moja, juu ya kitambaa cheusi ili kingo zijitenge. Simu iwe sambamba na karatasi, asimame upande ambao kivuli chake hakiiangukii.

Mkorosho Mkavu:
Picha mpya imefika. Upana juu 2410, chini 2420. Nimefuata hatua, vijiti vimeisha na aya zote za taipu zimesomeka isipokuwa majina mawili. Mstari wa kalamu Tesseract imeshindwa, nimeuandika kwa mkono. Kwa wakili nimetuma karatasi nzima. Bado naamini mstari ule ni wa baadaye.

Ameniuliza kama nyuma ya karatasi kuna kitu.

Mpenda Haki:
Kuna nini?

Mkorosho Mkavu:
Sijaiona. Nimempigia baba mdogo, hajapokea.