Salamu za Krismasi kwa mzazi anayelea peke yake: tupeane uzoefu

MamaWawili_Kondele: Jana nikisukuma chapati, watoto wakigombania ya kwanza, meseji ikaingia: "Heri ya Krismasi. Pole na majukumu, najua bila baba watoto si rahisi. Mungu atakukumbuka." Raha yote ikaniishia. Nyinyi mliandikiwa nini kikawaingia moyoni?

Mtu_wa_Lanet: Pole ni adabu tu, dada. Tuma asante uendelee na chapati.

Omena_Kibuye: Si adabu. Mwaka juzi mjomba alisalimia familia nzima kwenye grupu, akafika kwangu akaandika "na yule wetu anayehangaika peke yake, tumkumbuke." Aliyekuwa akitusomea kwa sauti ni mwanangu wa darasa la sita. Akanyamaza katikati ya sentensi, akaniwekea simu mapajani kifudifudi. Jioni jirani akaniandikia mimi peke yangu: "Heri ya Krismasi, Mama Baraka. Mwaka mzima nimekuona ukitoka na karai saa kumi na moja alfajiri, na Baraka akienda shule sare imepigwa pasi. Kesho chai kwako au kwangu?" Ile bado sijaifuta.

Fundi_Kaptembwo: Ukimtumia elfu moja inatosha, maneno ya nini?

Omena_Kibuye: Hatujaongea pesa hapa.

Mwalimu_Mbale: Angalieni tofauti. Jirani ametaja kitu alichokiona kwa macho yake: karai, pasi. Hakumtaja asiyekuwepo. Amemalizia na swali ambalo mtu anaweza kulijibu, tena swali linalomfanya mwenyeji, si wa kusaidiwa. Mimi nikishaandika, nafuta "pole", "ingawa" na "peke yako", kisha nasoma tena. Kama kilichobaki naweza kumtumia yeyote, basi sijamwandikia yeye. Na isipitie grupu.

Shemeji_Kakamega: Na "wewe ni baba na mama"?

MamaWawili_Kondele: Siipendi. Mimi ni mama, na umama wangu unatosha.

Binti_wa_Luanda: Mimi naipenda sana! Nimeitolea jasho.

Nyar_Dunga: Ngojeni niwaambie la kwetu. Mume wangu ni Mluhya, tulishaachana. Krismasi shemeji akaja, kuku akaivishwa, akadai firigisi kwa sababu ndiye mwanamume pale. Kijana wangu wa miaka kumi na mitatu akainuka, akaitia kwenye sahani yangu: "Mama, kuku umemfuga wewe. Heri ya Krismasi." Shemeji akaondoka bila kunawa.

Shemeji_Kakamega: Hapo mtoto alikosea. Firigisi ni ya mwenye boma.

Binti_wa_Luanda: Na mwenye boma ni nani pale?

Baba_Section58: Mwalimu, mke wangu tulimzika Machi. Hii ndiyo Krismasi ya kwanza nasuka nywele za binti mwenyewe. Wote wameniandikia hongera, wamemruka mamake kana kwamba hakuwepo. Mimi hiyo pole naitaka.

Mwalimu_Mbale: Pole sana, ndugu yangu. Kwako ningemtaja kwa jina. Nywele ulizisuka mistari mingapi?

Baba_Section58: Sita. Miwili imepinda.