Tunalipia programu ya kupanga mchezo, kumbe namba 12 anaonewa kabla hata hatujabonyeza

Kiti cha Mwisho (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimekasirika na naomba mtu asiniambie nitulie.

Tuna mchezo wa watu 12. Kila wiki kila mmoja anatoa elfu 20, mmoja anaondoka na laki mbili na arobaini. Zamani kijumbe wetu alikuwa anakata vikaratasi, anavitia kwenye kofia ya mumewe, mtoto anachomoa. Mwaka jana tukaambiwa tuache ushamba, kuna programu ya mtandaoni inachanganya majina yenyewe. Na tunailipia. Majina yanaingia kwa mpangilio wa kujiandikisha, mimi nilichelewa, kwa hiyo ni namba 12.

Tumezungusha mara tatu. Nimepokea wa 9, wa 11, wa 8. Nikawaandikia wenye programu, wakanijibu kwa madaha: "Mfumo wetu ni wa bahati nasibu. Tumeujaribu, na kila mwanachama ana nafasi sawa kabisa ya kuwa wa mwisho."

Ukurasa wenyewe unachanganya majina ndani ya kivinjari, kwa hiyo nikafungua nikasoma kodi yao (sio ya TRA, ile ya programu). Hii hapa:

```
for (let i = 0; i < n; i++) {
  const j = Math.floor(Math.random() * n);
  [a[i], a[j]] = [a[j], a[i]];
}
```

Inapita kiti kwa kiti, na kila kiti inakibadilisha na kiti chochote kati ya vyote 12. Inaonekana ya haki kweli. Nikainakili, nikaiendesha kwenye laptopu yangu mara 12,000 kwa orodha ileile. Ingekuwa ya haki, kila mtu angepokea wa kwanza kama mara 1,000. Namba 1 alipata 994, sawa. Namba 2 alipata 1,309. Mimi 761.

Mia saba sitini na moja! Na namba 2 ni shemeji yake kijumbe. Nani anaweza kunieleza kabla sijaenda kuharibu undugu wa watu?

Binti Temeke

Pole kaka. Mimi mchezo wetu kijumbe alikimbia na hela za wiki mbili, hakuna programu wala nini. Shukuru wewe unapokea.

Fundi Nyuzi

Mkuu, mara tatu sio ushahidi. Wa 9, wa 11, wa 8 ni bahati mbaya ya kawaida, mtu yeyote anaweza kuipata kwenye mpango wa haki kabisa.

Na kama kweli kuna tatizo, basi ni `Math.random`. Hizo namba za kompyuta sio nasibu halisi. Mimi simu yangu nikiiambia ichanganye nyimbo, ule wimbo mmoja wa taarabu unarudi kila baada ya dakika kumi.

Kiti cha Mwisho

Fundi, mara tatu nimetaja kwa sababu ndizo zilizoniuma. Hasira yangu ni ya zile 12,000.

Mzee wa Lupu

Mwanzisha uzi yuko sahihi, na shemeji hana kosa. Tatizo wala sio `Math.random`. Leta namba za nasibu safi kuliko zote duniani, kodi hiyo bado itapendelea.

Chukua watu watatu tu: Asha, Bakari, Chausiku. Lupu ina hatua tatu, kila hatua ina chaguo tatu, kwa hiyo njia zote ni 3 × 3 × 3 = 27, na kila njia ina uzito sawa. Mipangilio ya watu watatu ni 6. Gawa njia 27 kwa mipangilio 6 uone kama zinagawanyika. Hazigawanyiki! Lazima mipangilio mingine ipate njia nyingi kuliko mingine. Nimezifuata zote 27 kwa kalamu, zikatoka hivi:

```
ABC 4   ACB 5   BAC 5
BCA 5   CAB 4   CBA 4
```

Sasa hesabu nani anaanza. Asha anaanza kwenye ABC na ACB, njia 9. Bakari ana BAC na BCA, njia 10. Chausiku ana CAB na CBA, njia 8. Ni sura ileile ya orodha yako: wa kwanza yuko sawa, wa pili kabebwa, wa mwisho kaonewa.

Kwa watu 12, njia ni 12 ikizidishwa yenyewe mara 12, na mipangilio ni 12 × 11 × 10 mpaka 1. Kwenye hiyo mipangilio kuna 11 ndani yake, kuna 7, kuna 5. Kwenye 12 × 12 × 12 hutapata 11 hata ukesha, kwa hiyo haigawanyiki.

Kiti cha Mwisho

Nimeelewa kwamba lazima kuwe na upendeleo. Lakini kwa nini uniangukie mimi?

Mzee wa Lupu

Fuata jina lako. Ili namba 12 amalize kwenye kiti cha 1, ana milango miwili tu. Wa kwanza: kwenye hatua ya 1 kabisa, kura iangukie 12, uvutwe mpaka mbele. Hiyo ni moja kati ya 12. Lakini hatua 11 bado zinakuja, na kila moja inaweza kukung'oa pale kwa uwezekano wa moja kati ya 12. Kunusurika zote 11 ni 11/12 ikizidishwa yenyewe mara 11, yaani kama asilimia 38.

Mlango wa pili: ukae kwenye kiti chako cha 12 bila kuguswa na hatua 11 za mwanzo, ambayo ni asilimia 38 ileile, halafu hatua ya 12 ikuchagulie kiti cha 1. Ukijumlisha milango yote miwili unapata asilimia 6.4. Haki yako ilikuwa 8.33. Katika mara 12,000 hiyo inakuja kama 768, wewe umepata 761.

Shemeji wa watu, namba 2, yeye zamu yake inafika mapema. Kwenye hatua ya 2 karibu kila mara bado yuko kwenye kiti chake, na akirukia cha 1 hapo ana muda. Hata asiporukia, anaweza kutupwa kwenye kiti cha mbele kisichofikiwa bado na kupata kura nyingine. Yake inafika asilimia 10.8, kama mara 1,301.

Na lile jibu la wenye programu limenichekesha, maana ni kweli tupu! Hatua ya mwisho inachukua kiti cha 12 na kukibadilisha na chochote kati ya 12, kwa hiyo nafasi ya *mwisho* kila mtu anaipata sawasawa. Kwenye mfano wa watatu ni 9, 9, 9. Wamepima kiti kimoja ambacho hakina ugonjwa, wakatoa cheti kwa nyumba nzima.

Fundi Nyuzi

Sawa, nimekubali. Basi dawa ni kuichanganya mara saba mfululizo. Karata mtu hachanganyi mara moja.

Mzee wa Lupu

Itapunguza upendeleo sana, mpaka usiuone kwa macho. Hapo una hoja. Lakini haiufuti: ukirudia mara saba njia zinakuwa 12 ikizidishwa yenyewe mara 84, na 11 bado haimo. Halafu kwa nini ufanye kazi ya hatua 84 wakati iliyo sahihi ina 11?

```
for (let i = n - 1; i > 0; i--) {
  const j = Math.floor(Math.random() * (i + 1));
  [a[i], a[j]] = [a[j], a[i]];
}
```

Tofauti ni ndogo: kura haipigwi tena kati ya 12 kila mara. Kiti cha 12 kinachagua kati ya watu 12, kikishajaa hakiguswi tena. Kiti cha 11 kinachagua kati ya 11 waliobaki, mpaka wanabaki wawili. Njia zinakuwa 12 × 11 × 10 na kuendelea, yaani moja kwa kila mpangilio, bila hata moja kuzidi.

Ni kofia ya mume wa kijumbe. Karatasi ikishachomolewa hairudi kofiani. Ile kodi yenu inachomoa, inasoma, inarudisha, inachomoa tena.

Fisher na Yates waliiandika mwaka 1938 kwa watu wa takwimu, ya kalamu na karatasi: unapiga namba, unahesabu majina ambayo hayajakatwa, unakata. Durstenfeld akaiweka kwenye kompyuta mwaka 1964 kwa hii ya kubadilishana viti. Ni ya zamani kiasi hicho, na bado watu wanauza ile ya kwanza.

Chipukizi wa Kodi

Mbona mnajitesa? Mimi naandika mstari mmoja:

```
a.sort(() => Math.random() - 0.5)
```

Mzee wa Lupu

Kijana, huo ni mbaya zaidi. `sort` inauliza "nani anatangulia kati ya hawa wawili?" na inaamini jibu halibadiliki. Wewe unaijibu kwa kurusha shilingi, kwa hiyo matokeo yanategemea njia ya ndani ya kupanga, na kila kivinjari kina yake. Mwaka 2010 Microsoft waliwekea watu wa Ulaya ukurasa wa kuchagua kivinjari, na walichanganya majina kwa mtindo huo. Ukiufungua kwa Internet Explorer, Internet Explorer yenyewe ilikuwa inaangukia nafasi ya mwisho karibu nusu ya mara. Ilibidi warekebishe.

Ukitaka kutumia `sort`, mpe kila mtu namba yake ya nasibu mara moja tu, kisha panga kwa namba hizo. Hapo ni sawa.

Chipukizi wa Kodi

Nimebadilisha. Ila kwenye ile yako nimeondoa `+ 1` kwa sababu nilidhani inatoka nje ya orodha. Inafanya kazi vizuri tu, majina yanachanganyika.

Mzee wa Lupu

Irudishe! Bila hiyo hakuna mtu anayeruhusiwa kubaki kwenye kiti chake. Iendeshe mara elfu kwa majina matatu, uangalie kama utawahi kumwona Asha akianza.

Chipukizi wa Kodi

...Hata mara moja. Inatoa BCA na CAB peke yake.

Kijumbe Mstaafu

Nimewasoma wote. Mimi nimeendesha michezo miaka mingi, hesabu hizo siziwezi, ila nauliza. Hiyo programu inachanganya kwenye simu ya nani?

Kiti cha Mwisho

Ya kijumbe. Anabonyeza, anapiga picha ya skrini, anaturushia kwenye kundi.

Kijumbe Mstaafu

Na akibonyeza mara ya pili?

Kiti cha Mwisho

Inachanganya upya.

Kijumbe Mstaafu

Haya. Kofia tulikuwa tunaitikisa mbele za watu.

Mzee wa Lupu

Hapo mama kanifunga. Kodi sahihi haizuii mtu kubonyeza mpaka aipate anayoitaka. Mngeweza kukubaliana mapema mbonyezo uwe mmoja, mbele ya wote, lakini nani atahakikisha hakubonyeza akiwa chumbani?

Kiti cha Mwisho

Nimewatumia wenye programu ile kodi iliyorekebishwa pamoja na zile 27. Wamejibu kwamba "ombi la kipengele kipya limepokelewa". Kipengele kipya! Mzunguko wa nne unapangwa Jumamosi. Nimemwambia kijumbe aje na kofia, ameninunia.

Binti Temeke

Na shemeji anasemaje?

Kiti cha Mwisho

Shemeji anasema programu ni nzuri, tuendelee nayo.