Mnataka niandike "data zinapatikana kwa kuombwa" wakati fomu ya ridhaa imekataa!

Mchapakazi_wa_Data:
Wakuu, leo sinyamazi. Utafiti umekwisha, jarida linadai taarifa ya upatikanaji wa data, mfadhili anadai muhtasari wa mpango wa usimamizi wa data. Mtafiti mkuu kanitupia folda na sentensi moja: "Andika zinapatikana kwa kuombwa, tumalize."

Nimeanza na fomu za ridhaa. Kumbe ziko matoleo mawili! La kwanza linamwambia mshiriki majibu yake yataonwa na timu ya utafiti pekee, na rekodi za sauti zitafutwa miaka 5 baada ya utafiti kwisha. La pili, lililopitishwa na kamati ya maadili kazi ikiwa katikati, linaruhusu watafiti wengine watumie data zisizo na utambulisho. Washiriki ni 240. Waliosaini la kwanza ni 90, la pili 150. Na kwenye `data_final_v3.xlsx` hakuna kolamu hata moja inayosema nani alisaini lipi. Imebidi nipekue karatasi moja moja nikisoma namba ya toleo chini ya ukurasa, maana tarehe zinadanganya: mkusanyaji mmoja aliendelea kutumia fomu za zamani hata baada ya mpya kupitishwa.

Hao 90 tuliwaahidi usoni. Leo tunataka kuwageuka kwa sababu mhariri ana haraka?

Kijana_wa_Takwimu:
Mkuu unajisumbua. Futa majina na namba za simu, pandisha yote Zenodo, upate DOI. Data isiyo na jina haina mwenyewe.

Mchapakazi_wa_Data:
Nimefuta majina, nikachuja: mkunga, miaka 58, kituo namba 3. Umebaki mstari mmoja. Yeyote anayefanya kazi kituo kile atamjua mama huyo, na majibu yake kuhusu bosi wake yako palepale.

Mama_Hazina:
Kijana, kufuta majina ni mwanzo tu. Weka umri kwa makundi ya miaka kumi kumi, ondoa namba ya kituo, kisha hesabu kila mchanganyiko wa jinsia, kazi na umri una watu wangapi. Wakiwa chini ya 5, unganisha tena. Lakini hata ukifanya hivyo vizuri, ahadi ya "timu pekee" inabaki ahadi. Data za hao 90 hazitoki.

Mwenye uzi, usiandike sentensi moja kwa data zote. Andika hivi: "Data za dodoso za washiriki 150 waliokubali zimehifadhiwa kwenye hazina na hutolewa kwa maombi; dodoso, maelezo ya kolamu na msimbo wa uchambuzi viko wazi. Data za washiriki 90 na rekodi zote za sauti hazitolewi, kwa sababu ridhaa haikuruhusu." Maombi yaende ofisi ya kudumu, siyo barua pepe ya mwandishi. Waandishi huhama, barua pepe hufa.

Sema pia wazi kwamba matokeo ya makala yametoka kwa watu 240, hivyo mwenye kurudia kwa 150 atapata namba tofauti. Na hapa angalia sana: jedwali la 240 likiwa kwenye makala na faili la 150 likiwa mikononi mwa mtu, akitoa hesabu za 150 kwenye zile za 240 anapata jedwali la wale 90. Seli ya mtu mmoja au wawili ikitokea, umewafichua bila kujua.

Mchapakazi_wa_Data:
Hilo la kutoa sikuliwaza kabisa, dada. Jedwali la 2 lina seli za namna hiyo. Narudi kulikagua.

Udongo_Mwekundu:
Mimi nina sampuli za udongo, sikuwa na fomu ya ridhaa. Ina maana siruhusiwi kuchapisha?

Mama_Hazina:
Ndugu, udongo hausaini. Angalia tu kama uliahidi kuficha mahali mashamba yalipo.

Kijana_wa_Takwimu:
Sawa, nimeelewa. Ila mpango wa usimamizi si unaandikwa mwanzoni? Kazi imeisha, si mnabuni tu?

Mama_Hazina:
Ndiyo maana usiandike "tutahifadhi kwa usalama". Andika kilichofanyika, hata kama kinatia aibu: faili gani zipo, nakala zilikaa kwenye kompyuta ya nani. Kisha kilichobaki: nani anashika faili la ufunguo linalounganisha namba na majina, rekodi zitafutwa tarehe gani, nani atathibitisha. Kila kazi iwe na jina la cheo mbele yake.

Mchapakazi_wa_Data:
Faili la ufunguo nimelikuta folda ileile ya data! Na manukuu ya mahojiano fomu haikuyataja kabisa. Yafutwe na sauti au yabaki?

Mama_Hazina:
Hapo mimi na wenzangu tunabishana kila mara. Iulize kamati ya maadili kwa maandishi, na uulize pia kama mnaweza kuwarudia wale 90 kuomba ridhaa mpya. Kama fomu haikuruhusu kuwatafuta tena, msipige simu kabla hamjajibiwa.

Mchapakazi_wa_Data:
Barua imekwenda. Mtafiti mkuu kanijibu, "Mhariri atadhani tunaficha." Basi adhani. Rasimu yenye 150 na 90 ndiyo nitakayoweka jina langu, nyingine aandike mwenyewe.